Ripoti ya Udongo wa Mbuga: Tuisome Kabla ya Kuvuta Kamba

Ndugu mafundi, ndugu wakandarasi, na nyinyi mnaojenga kwa fedha zenu wenyewe, habari za asubuhi.

Ripoti ya udongo inapofika saiti, inafunguliwa ukurasa gani kwanza? Wa mwisho. Na hapo jicho linatafuta nini? Namba. "Udongo unabeba 150." Basi, ripoti inafungwa, kamba inavutwa, majembe yanaanza.

Hiyo 150 ni kPa. Kwa lugha ya mizigo, ni takribani tani 15 juu ya kila mita moja ya mraba. Sasa chukueni ukuta wa nyumba isiyo na ghorofa: tofali za nchi sita, urefu wa mita 3, plasta pande zote mbili, paa la bati, ukuta wa msingi na zege lake. Ukijumlisha unapata kama tani 2.1 kwa kila mita ya ukuta. Zege la msingi likiwa na upana wa sentimita 60, udongo unabanwa kwa tani 3.5 tu kwa mita ya mraba. Umeambiwa 15, umeweka 3.5. Kwa nini basi nyumba za mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, zinapasuka? Na kwa nini zinazopasuka zaidi ni zile nyepesi?

Jibu limo ndani ya ripoti hiyohiyo, ila haliko ukurasa wa mwisho. Ili tulione, nimeandaa ripoti ya mfano. Kiwanja hiki si cha mtu yeyote. Nimekiweka huku kwetu Usukumani, kwenye mteremko unaotoka kwenye jabali la mawe na kuishia mbugani, na namba nilizozitumia ni za kawaida kwa udongo wa aina hiyo. Nyumba ni ya mita 14 kwa 11. Wachunguzi wametoboa matundu matatu kwa mashine, mwezi Septemba. Naomba mwezi huo muukumbuke, nitaurudia.

Tuanze na michoro ya matundu, ile kurasa yenye mistari na rangi ambayo wengi tunairuka. Tundu la 1 liko kona ya juu. Mchanga wenye mfinyanzi kidogo unaishia mita 1.2, halafu unaanza mwamba wa graniti uliooza, ule unaochimbika kwa sururu kwa taabu. Tundu la 2 liko katikati ya nyumba. Hapo kuna udongo mweusi, chini yake mfinyanzi wa kijivu wenye vijiwe vyeupe vya chokaa, na mwamba uliooza unaanza mita 1.9. Tundu la 3 liko kona ya chini. Udongo mweusi unashuka mpaka mita 2.4, na mwamba unaanza mita 2.6.

Mnaona nini hapo? Nyumba ni moja, udongo ni miwili.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya mashine. Msukuma anayelima anakwambia: karibu na mawe ni luseni, mchanga, ukishuka kuna itogolo, udongo unaokaza, ukifika chini kabisa ni mbuga. Majina matatu kwa mteremko mmoja. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki unajirudia kwa mpangilio huohuo mlima hadi bonde. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo linatumika hadi leo duniani kote. Kwa hiyo unaposimama kiwanjani, kabla hata ya ripoti, tazama mteremko. Kama kona moja inaota nyasi fupi juu ya mchanga, na kona nyingine ina nyufa ambazo mkono unaingia mpaka kiwiko, ujue pete mbili za mnyororo zimekutana chini ya nyumba moja. Kona ya mchanga itatulia. Kona ya mbuga itapanda na kushuka kila mwaka. Ukuta ulio katikati yao hauwezi kufuata pande zote mbili, kwa hiyo unapasuka, na ufa wake unakwenda mshazari kuanzia pembe ya dirisha au mlango.

Sasa tuje kwenye namba, na ya kwanza ni ile inayoandikwa N.

N inapatikanaje? Nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa ianguke kutoka urefu wa milimita 760, inapiga fimbo yenye bomba la kuchukulia sampuli. Bomba linapigwa liingie milimita 450. Mapigo ya milimita 150 za mwanzo hayahesabiwi, kwa sababu hapo chini ya tundu udongo umevurugwa. Mapigo ya milimita 300 zinazofuata ndiyo N. Kwa mfinyanzi, N ikiwa chini ya 4 udongo ni laini. Ikipita 30 ni mgumu sana. Kwenye Tundu la 3, kwenye kina cha mita 1, ripoti yetu imeandika N = 22. Mtu akiisoma hiyo peke yake atasema: udongo mgumu, tujenge hapahapa.

Lakini uchunguzi ulifanyika lini? Septemba. Mfinyanzi mweusi wa Septemba ni jiwe. Mpigie nyundo huyohuyo mwezi Machi, mvua zikiwa zimeshiba, na namba inaweza kushuka mpaka 5 au 6. Udongo ni uleule, mahali ni palepale, kilichobadilika ni maji. Kwa hiyo ukiona N kubwa kwenye udongo mweusi, usiulize "ni ngapi?" Uliza kwanza "ni ya mwezi gani?"

Na ripoti nzuri inakupa njia ya kulijibu swali hilo bila kusubiri Machi. Tazama jedwali la maabara. Kuna PL, kuna LL, na kuna unyevu wa asili. PL ni kiasi cha maji ambacho udongo ukikosa, hauwezi tena kufinyangwa. Fundi wa maabara anauviringisha chini ya kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi wa milimita 3. Ukianza kukatika hapo, amefika PL. LL ni kiasi cha maji kinachoufanya uanze kutiririka kama uji mzito. Tofauti ya hizo mbili inaitwa PI. Kwetu, LL ni 72, PL ni 27, PI ni 45. Mchanga wenye mfinyanzi wa kona ya juu una PI ya 9 tu.

Sasa linganisheni: unyevu wa asili wa udongo mweusi siku ya kutoboa ulikuwa asilimia 19, na PL ni 27. Yaani udongo una maji pungufu hata ya yale yanayotosha kuufinyanga. Una kiu. Udongo wenye PI ya 45 na kiu ya namna hiyo, ukipewa maji utafanya nini? Utayanywa, na utavimba. Hapo ndipo ile N ya 22 inapopata maana yake: ugumu ule ni wa ukavu.

Kuna kipimo kingine ambacho natamani kila fundi akione kwa macho, maana hakihitaji hesabu. Udongo unakorogwa na maji mpaka ukaribie LL, unajazwa kwenye kibati chenye umbo la nusu bomba, urefu wake milimita 140. Unaachwa ukauke, halafu unaingizwa kwenye oveni. Wa mchanga ukitoka, umejaa kibati kama ulivyoingia, labda umeacha nafasi ya ukucha. Wa mbuga ukitoka, umejikunja juu kama mtumbwi, umeachia kingo zote mbili, na ukiupima unapata milimita 113. Umepoteza milimita 27 kati ya 140. Ripoti inaandika: kusinyaa kwa mstari, asilimia 19. Na udongo uliosinyaa kiasi hicho ukikauka, ndiyo huo utakaovimba ukilowa.

Kuvimba nako kumepimwa. Udongo mkavu uliopepetwa, mililita 10, unamwagwa polepole kwenye kipimo cha kioo chenye maji na kuachwa ukae. Wetu umesoma mililita 22, yaani umeongezeka asilimia 120. Ukipita 50 anza kuwa na wasiwasi, ukipita 100 usijadiliane nao.

Sasa ile namba ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika ripoti hii, na mara nyingi imeandikwa mstari mmoja tu: shinikizo la kuvimba, 180 kPa. Sampuli inabanwa ndani ya pete ya chuma, inamwagiwa maji, na kila inapotaka kuinuka inaongezewa uzito mpaka itulie. Uzito ulioituliza ndiyo hiyo 180, sawa na tani 18 kwa mita ya mraba. Na ukuta wetu unabana kwa ngapi? Tani 3.5. Mnaona sasa? Tulikuwa tunauliza kama udongo utaibeba nyumba. Swali la mbugani ni kama nyumba inaweza kuukalisha udongo chini, na kwa tani 3.5 haiwezi.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi mwenye nia njema anapoharibu. Akiambiwa udongo ni mbaya, anafanya nini? Anapanua msingi. Kutoka sentimita 60 anaweka 90. Zege limeongezeka, ukuta sasa ni kama tani 2.3 kwa mita, lakini umetandazwa kwenye upana mkubwa zaidi, na mbano umeshuka kutoka tani 3.5 mpaka kama 2.5. Kwenye udongo unaodidimia amefanya vizuri kabisa. Kwenye udongo unaovimba amempa adui mgongo mpana zaidi wa kusukuma. Saruji imeongezeka, nyumba imekuwa rahisi zaidi kuinuliwa.

Basi ripoti yetu inapendekeza nini? Inasema: usikalie udongo mweusi, upite. Kuta zote zibebwe na mwamba uliooza, ambao ripoti imeupa 250 kPa, yaani tani 25 kwa mita ya mraba, na ambao hauvimbi. Kona ya juu mwamba uko mita 1.2, kona ya chini mita 2.6. Kuchimba mtaro wa kuta zote mpaka mita 2.6 ni gharama kubwa, tena mfinyanzi wenye nyufa unaanguka kama kabati juu ya mtu aliye ndani. Kwa hiyo inapendekeza vitako na nguzo fupi, na juu yake mkanda wa zege unaobeba kuta.

Kwa vipimo ni hivi. Mashimo ya mita 1 kwa 1, kila baada ya mita 3 na kila kona, yashuke mpaka yaingie kwenye mwamba angalau sentimita 20. Upana huo ni wa mtu kupata nafasi ya kuchimba. Shimo linalozidi mita 1.2 liwekewe mbao za kuzuia kuta kabla mtu hajaendelea kushuka. Chini weka zege jembamba la usafi siku ileile unayofika mwambani, kwa sababu graniti iliyooza ikinyeshewa usiku mmoja inageuka tope juu. Halafu kitako cha sentimita 80 kwa 80, unene sentimita 30, na nguzo ya sentimita 30 kwa 30. Nguzo yenye mzigo mkubwa, pale kuta tatu zinapokutana, inabeba kama tani 8. Tani 8 juu ya kitako hicho ni tani 12.5 kwa mita ya mraba, nusu ya tulichoruhusiwa. Hapo namba ya uwezo wa kubeba imepata mahali pake: hii 250 ni ya mwamba, kwenye kina kile, si ya udongo mweusi wa juu.

Tumemaliza? Bado. Udongo mweusi umeizunguka nguzo, na unapovimba unaishika ubavuni na kuivuta juu. Hesabu yake ni hii: mzunguko wa nguzo ni mita 1.2, urefu uliomo kwenye udongo unaocheza ni kama mita 2, na mshiko ukiwa tani 4 kwa mita ya mraba, nguvu ya kuvuta juu ni tani 9.6. Nguzo yetu nzito ina tani 8. Nguzo nyepesi ina tani 5 na kitu. Ndiyo maana ripoti inataka mambo mawili ambayo wengi huyaona ni urembo. La kwanza, nondo za nguzo zipande bila kukatika kutoka ndani ya kitako mpaka ndani ya mkanda, maana nguzo hii inaweza kuvutwa, na zege peke yake likivutwa linakatika. La pili, nguzo ifungwe nailoni nzito tabaka mbili kabla ya kufukia, ili udongo uteleze juu ya nailoni uiache nguzo. Na unapofukia, usirudishe udongo mweusi uliochimba. Wala usijaze mchanga, kwa sababu shimo la mchanga ndani ya mfinyanzi ni kisima. Mvua yote itakusanyika humo. Fukia kwa moramu, tabaka za sentimita 15, zishindiliwe.

Mkanda nao usiguse ardhi. Narudia: mkanda usiguse ardhi. Ripoti imekadiria kwamba uso wa udongo kona ya chini unaweza kupanda milimita 60 kati ya kiangazi na masika, kwa hiyo inataka uwazi wa milimita 100 chini ya mkanda. Piga boksi lenye mbao za chini zilizokaa juu ya tofali, mwaga zege, na likishakomaa toa mbao na toa tofali zote. Tofali moja iliyosahaulika itaushika mkanda ule na kuupeleka juu. Kwa nje egemeza vipande vyembamba vya zege ili udongo usiporomoke kuujaza uwazi. Ukaguzi wake ni rahisi: chukua ubapa wa mbao wa milimita 90, uupitishe chini ya mkanda kutoka nguzo hadi nguzo. Ukikwama, kuna kitu humo.

Jamvi la ndani nitalipitia haraka. Ripoti inataka udongo mweusi uondolewe kina cha mita 1 chini ya nyumba yote, na mahali pake ijazwe moramu yenye PI isiyozidi 12, ishindiliwe mpaka asilimia 95 ya kipimo cha maabara. Mita 14 kwa 11 kwa 1 ni mita za ujazo 154. Moramu ikiwa haijashindiliwa ni karibu 200, kama tripu 28 za lori la mita 7. Ni gharama, sikatai. Jamvi lisifungwe kwa nondo kwenye mkanda, na ukuta wowote wa ndani ukae juu ya mkanda wake, usikae juu ya jamvi. Chini bado imebaki mbuga, jamvi litacheza kidogo, na tunataka licheze peke yake. Mwenye uwezo ainue jamvi likae juu ya mikanda kabisa, aachane na moramu hiyo.

Halafu yapo maji. Udongo huu unasumbua kwa sababu ya mabadiliko ya unyevu, kwa hiyo kila kinacholowesha upande mmoja wa nyumba ni adui. Weka gata, weka sakafu ya nje ya mita 1.5 inayomwaga mbali na ukuta, shimo la majitaka likae upande wa chini wa mteremko na si chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba. Mti uwe mbali kwa kadiri ya urefu utakaofikia, kwa sababu mizizi inanyonya kona moja ikasinyaa huku nyingine zimevimba.

La mwisho nililobeba ni mitego ya mwamba wenyewe. Matundu matatu kwenye mita za mraba 154 ni macho matatu tu. Na graniti ya huku kwetu haiozi sawasawa: ndani ya ile iliyooza yanabaki mawe mazima ya mviringo, mengine makubwa kama meza, mengine yakiwa yamebebwa na udongo laini chini yake. Mchimbaji akigonga jiwe hilo anapiga kelele kwamba amefika mwamba, na kitako kinamwagwa juu ya jiwe linaloelea. Utalitambuaje? Ripoti imesema Tundu la 2 mwamba ni mita 1.9; shimo lako la jirani likigonga jiwe mita 1.1, usifurahi. Fagia uso wake, fuata ukingo. Jiwe linaloelea lina mviringo na linateremka pande zote. Chimba kando yake sentimita 40, ukikuta udongo laini unaingia chini yake, litolewe au shimo lisogezwe kwa maelekezo ya mhandisi. Ukilipiga kwa mtarimbo, jiwe dogo linalia kwa mlio mzito uliokufa na mkono unalihisi likitikisika.

Na mkichimba mkakuta kitu ambacho mchoro haukusema, maji kwa mfano, au kifusi cha zamani, au mweusi unaoendelea kupita mita 2.6, simamisheni shimo hilo tu, mengine yaendelee. Chukueni bonge la udongo la ukubwa wa ngumi, lifungwe kwenye nailoni mbili lisikauke, liandikwe namba ya shimo, kina na tarehe, lipigwe picha likiwa kando ya futi kamba, na lipelekwe kwa aliyeandika ripoti kabla zege halijamwagwa.